Ile "ku" iliyomo ndani ya ninakupenda

Kijana mmoja aliwahi kuniletea barua aliyoiandika kwa mkono, akaniomba niipitie kabla hajaipeleka kwa mwenyewe. Mstari wa tatu ulisomeka hivi: "Nina kupenda sana lakini wewe huni pendi." Nilichukua kalamu, nikaunganisha pale palipoachwa nafasi, mara mbili, nikamrudishia. Akaitazama karatasi kwa muda. "Mwalimu," akasema, "lakini si nimetaja vitu vinne hapa? Mimi, sasa, wewe, kupenda. Kama ni vitu vinne, kosa langu liko wapi nikiviandika mbalimbali?" Nikamjibu kwamba ndivyo inavyoandikwa. Akashukuru, akaenda zake.

Jibu lile halikuwa jibu. Yeye aliuliza swali la lugha, mimi nikamjibu kwa desturi ya uandishi. Na desturi ya uandishi ingeweza kabisa kuwa nyingine. Wanaozungumza Kitswana, kule Botswana na Afrika Kusini, wakitaka kusema hayohayo huandika Ke a go rata, maneno manne juu ya karatasi. Wanaozungumza Kizulu huandika Ngiyakuthanda, neno moja. Ukizifungua kauli hizo mbili utakuta zimejengwa kwa namna ileile: anatangulia anayependa, kinafuata kipande kinachohusu wakati, halafu anayependwa, halafu mzizi wa kitenzi na irabu ya mwisho. Ke-a-go-rat-a. Ngi-ya-ku-thand-a. Ni-na-ku-pend-a. Vipande vitano kila upande, kwa mpangilio mmoja. Kilichotofautiana ni uamuzi wa wale walioziwekea lugha hizi utaratibu wa kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Wengine walipenda kuachanisha, wengine wakapenda kuunganisha.

Kwa hiyo nafasi tunayoiacha au tusiyoiacha kwenye karatasi haithibitishi kitu. Swali la kijana yule linapaswa kuulizwa kwa namna nyingine: tungekuwa hatujawahi kuandika hata herufi moja, ninakupenda ingekuwa neno moja? Nasema ndiyo, na nasema hivyo bila kusita. Lakini sababu zinazotolewa mara nyingi darasani ni zile dhaifu, na ile yenye nguvu kuliko zote huwa haitajwi. Iko ndani ya kile kipande cha katikati, -ku-.

Tuanze na sababu inayojulikana zaidi, yaani mkazo. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka ninakupenda taratibu, utasikia sauti ikipanda mahali pamoja tu, kwenye pe. Ni haina mkazo wake, na haina, ku haina. Ukiongeza kipande mwishoni mkazo unahama: ninakupendea unaangukia kwenye de, na ninawapendeni vilevile. Ukiongeza neno jingine, mkazo wa kwanza hautikisiki: ninakupenda sana una milima miwili, mmoja kwenye pe na mwingine kwenye sa. Clement Doke, mwanaisimu aliyefundisha Johannesburg na kuandika sana kuhusu lugha za Kibantu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliutegemea mno mkazo wa namna hii alipodai kwamba lugha hizo ziandikwe kwa kuunganisha.

Ni hoja nzuri, lakini ina tundu. Chukua sentensi hii: "Kazi ya mzazi ni kulea na kupenda." Tamka yale maneno mawili ya mwisho, na kupenda. Mkazo uko wapi? Kwenye pe, mahali pamoja tu. Ile na haina mkazo wake, imeegemea tu neno linalofuata. Sasa tamka: "Mama, nakupenda." Masikio hayawezi kukuonyesha tofauti kati ya nakupenda hii na na kupenda ile. Silabi ni zilezile nne, mkazo ni uleule mmoja. Kama mkazo peke yake ndio ungekuwa hakimu, ingetubidi tuseme na kupenda nayo ni neno moja, na hakuna anayesema hivyo. Hapa ndipo watu wengi hupotea wanapoandika ujumbe kwa haraka. Utaona "na kupenda mpenzi wangu", na mwandishi haoni kosa kwa sababu sikio lake halikumwonya.

(Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Wapo walimu wanaoshikilia kwamba nakupenda si ufupisho wa ninakupenda bali ni umbo lake lenyewe, ni- na -a- ya wakati usiodhihirika zikiungana kuwa na-. Kwa historia ya lugha wana haki. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, wengi wetu tunayatumia maumbo hayo mawili kwa maana moja, na kwa swali letu hapa hayatofautiani.)

Kinachotenganisha nakupenda na na kupenda ni jaribio jepesi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani kwake. Jaribu kuingiza neno zima katikati. Chukua pia. "Kazi ya mzazi ni kulea na pia kupenda." Inakubali, tena inapendeza. Jaribu na kweli: "kulea na kweli kupenda". Inakubali. Sasa rudi kwa mama: "Mama, na pia kupenda." Kauli imevunjika. Haisemi tena kwamba mtu anampenda mama yake, haisemi chochote. Pia inaweza kukaa baada, "nakupenda pia", au kabla, "pia nakupenda", lakini ndani haiingii. Wala sana haiingii, wala daima, wala jina la mtu. Fanya hivyohivyo kwa ninakupenda kamili, gonga mlango kati ya ni na na, kati ya na na ku, kati ya ku na penda, kote utakuta umefungwa.

Mtu makini atanipinga hapa. Atasema: mbona tunasema ninayekupenda? Si ye imeingia katikati? Imeingia kweli, na imekaa mahali pake maalumu, baada ya kipande cha wakati na kabla ya mtendwa. Lakini ye ile si neno zima lililopita njiani likaingia. Ni kiambishi rejeshi, nacho hakiwezi kusimama peke yake kwa kazi hiyo, na hakina ruhusa ya kukaa popote kingine ndani ya umbo lile. Hakuna ninakuyependa, wala niyenakupenda. Kinachoingia ndani ya neno la Kiswahili ni jamaa wa ndani tu, kila mmoja na kiti chake. Linganisha na "nilikuwa nikikupenda". Hapo tuna nafasi ya haki kabisa katikati, kwa sababu neno zima linaingia bila shida: "nilikuwa siku zote nikikupenda". Na ukitazama vizuri utaona kila upande una ni- yake. Kiambishi cha nafsi kimetajwa mara mbili kwa sababu maneno ni mawili.

Jaribio hili latosha kumsaidia mtu anayeandika. Lakini halielezi kwa nini milango imefungwa. Ili kuliona hilo, acha kusema ninakupenda na ujaribu kukikanusha.

Ninakupenda, ukiikana, inakuwa sikupendi. Tazama kilichotokea. Ni imegeuka si. Na imetoweka kabisa. Ku imebaki. Na mwishoni kabisa, mahali ambapo palikuwa na a, sasa pana i. Kukanusha kumetangazwa kwenye ncha mbili za kauli, mwanzoni kwa si- na mwishoni kwa -i, na ncha hizo ziko mbali na kila mmoja. Si- haikugusana na -i hata kidogo, kati yake mna ku na pend. Hata hivyo zinasikilizana. Ukisema sikupendi na ukaishia kwenye i, msikilizaji anajua unazungumzia sasa. Ukiibadilisha hiyo irabu moja tu ya mwisho ukasema sikupenda, kimetokea kitu ambacho ningependa kila mwalimu wa sarufi akionyeshe darasani: maana ya ku, ambayo hukuigusa, imebadilika.

Katika sikupendi, ku ni wewe. Simpendi, siwapendi, siipendi: ku inatoka, m au wa au i inaingia, kwa hiyo ku ilikuwa imekalia kiti cha mtendwa. Katika sikupenda, ku si wewe tena. Ni alama ya kukanusha wakati uliopita, ileile iliyomo katika sikusoma, hakufika, hatukuona. "Sikupenda alivyonijibu" haimtaji mtu anayeitwa wewe. Ukitaka kumwambia mtu kwamba hukumpenda zamani, inakubidi uzitamke ku zote mbili: sikukupenda. Ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya yule unayeongea naye.

Sasa fikiria kidogo maana yake. Msikilizaji anapofika kwenye siku... hawezi kujua ku aliyoisikia ni ipi. Inambidi asubiri. Anapita mzizi, anafika kwenye irabu ya mwisho kabisa, na hapo ndipo anarudi nyuma na kuamua kama ku ile ilikuwa mtu au ilikuwa wakati. Maneno huru hayafanyi kazi hivi. Katika "mimi sasa wewe penda" kila neno lingebaki na maana yake hata ukibadilisha lile la mwisho. Katika sikupendi na sikupenda maana haikai kwenye kipande kimoja kimoja, inakaa kwenye umbo zima. Hiyo ndiyo sababu ningempa kijana yule, laiti ningekuwa nimeifikiria siku ile. Vile vitu vinne alivyovitaja vipo kweli, wala hakukosea kuvihesabu. Ila havijitegemei katika maana zake, na mpaka kauli ifungwe kwa irabu yake ya mwisho, havijawa chochote.

Ushahidi mzuri zaidi unakuja pale irabu hiyo inaposhindwa kufanya kazi yake. Vitenzi tulivyovichukua kutoka Kiarabu, kama heshimu, samehe, na dharau, havibadilishi irabu ya mwisho katika kukanusha. Huwezi kusema siheshimi. Unasema siheshimu. Basi sema: sikuheshimu. Umesema nini? Inaweza kuwa "sasa sina heshima kwako", si-ku-heshimu, ku ikiwa wewe, sawa na sikupendi. Inaweza pia kuwa "wakati ule sikuonyesha heshima", si-ku-heshimu, ku ikiwa wakati uliopita, sawa na sikupenda. Herufi ni zilezile, mkazo uko palepale kwenye shi, na maana ni mbili kamili. Hali hiyohiyo iko katika sikusamehe. Mtu anaweza kuandika "sikusamehe" akiwa na maana kwamba mpaka leo hajakubali kumsamehe unayesoma, na wewe ukaisoma kama habari ya zamani kuhusu mtu mwingine kabisa. Nimewahi kushuhudia watu wawili wakizungushana kwa ujumbe wa namna hiyo, kila mmoja akiwa na uhakika na alichosoma.

Utata huo usingekuwapo kama ku ya mtu na ku ya wakati zingekuwa maneno mawili tofauti yanayojitegemea, kila moja na mahali pake katika sentensi. Upo kwa sababu zote mbili ni vipande vya ndani, vinavyokaa karibu na mzizi, na kinachozipambanua kwa kawaida ni irabu iliyo upande wa pili wa mzizi huo. Irabu ikikosa kubadilika, hakuna kitu kingine ndani ya neno kinachoweza kuokoa. Na kuacha nafasi hakuokoi pia. Jaribu kuandika siku heshimu. Sasa msomaji anaona siku, yaani Jumatatu au Jumanne.

Hapa kuna umbo la tatu ambalo lazima nilitaje, kwa sababu wanaojifunza kuunganisha wakati mwingine huunganisha kupita kiasi. "Si kupenda kwangu" huandikwa mbalimbali, nayo ni haki yake. Ni kauli tunayoitumia tunapotaka kusema kwamba jambo limetokea bila hiari yetu. Si hapa ni neno kamili, lile linalokana "ni", na kupenda ni kitenzi-jina. Fanya jaribio letu: "si hata kidogo kupenda kwangu". Mlango umefunguka. Kwa sauti, si kupenda na sikupenda zinafanana kabisa, kama zilivyofanana na kupenda na nakupenda. Kwa muundo haziko karibu hata kidogo. Kwa hiyo katika silabi hizi chache tumekutana na ku tatu: ya mtu, ya wakati uliopita kwa kukanusha, na ya kitenzi-jina. Iko na ya nne, ya mahali. "Kwao ninakupenda" inaweza kumaanisha kwamba unapapenda nyumbani kwao, ku ikiwakilisha huko, wala si wewe. Haitumiki mara nyingi na wenye lugha hawachanganyikiwi nayo, lakini inafaa kuijua kabla ya kuapa kwamba ninakupenda ina maana moja tu.

Ku ya mtu na ile ya kitenzi-jina zinakutana mahali pamoja pa ajabu, nako ni kwenye vitenzi vya silabi moja kama la, nywa, fa na ja. Tunasema ninapenda, anapenda, bila ku yoyote. Lakini hatusemi ninala wala anala. Tunasema ninakula, anakula. Ku hiyo inafanya nini? Kwa upande wa maana haifanyi lolote. Ipo kwa ajili ya mkazo. Neno likiwa anala, silabi ya pili kutoka mwisho ingekuwa na, na kipande hicho cha wakati hakikubali kubeba mkazo. Vivyo hivyo li, ta na me. Basi lugha inaleta ku ibebe mzigo huo: anakula, alikula, atakula, amekula. Sasa mpe kitenzi hicho mtendwa. "Chakula anakila." Ku imeondoka, kwa sababu ki imekuja na inaweza kubeba mkazo yenyewe. Na ukitumia kipande cha wakati kinachokubali mkazo, kama ka au ki, ku haihitajiki hata bila mtendwa: akala, akila.

Huu ni utaratibu unaohesabu silabi kuanzia mwisho wa neno, unakagua ni kipande gani kimeangukia mahali pa mkazo, kisha unaamua kuongeza au kuondoa silabi. Ungewezaje kufanya kazi kama ana na kula zingekuwa maneno mawili? Kula tayari ina mkazo wake. Kwa nini ku iondoke ghafla mara ki inapofika? Utaratibu huu unaeleweka tu ukikubali kwamba kuanzia a ya mwanzo hadi a ya mwisho ni neno moja linalojipima lenyewe.

Na kwa kuwa ku hiyo tupu inakaa palepale anapokaa wewe, tunapata utata mwingine. Simba akimwambia swala, "Leo nitakula," swala ana kila sababu ya kuuliza. Nitakula yaweza kuwa chakula chochote, ku ikiwa ya mkazo tu. Yaweza pia kuwa swala mwenyewe, ku ikiwa yeye. Ukimsema mtu wa tatu utata unakwisha, nitamla, kwa maana m haina pacha.

Sasa nizitendee haki hoja za upande wa pili, maana zipo na hazipaswi kufichwa. Iliyo nzito kuliko zote ni ya historia. Vipande hivi vya wakati havikuanza kama viambishi. Ta ilitokana na kitenzi taka: aliyesema "ataka kwenda" ndiye babu wa anayesema atakwenda. Na yetu ya wakati uliopo ina undugu na na ya kuwa na kitu, ileile iliyomo katika nina na ana. Ndiyo maana anakula inaonekana kana kwamba ni ana kula, na ndiyo maana kalamu ya kijana yule ilijiachia nafasi baada ya nina. Nina ni neno halali. Kupenda ni neno halali. Mkono wake uliona maneno mawili halali ukayaachanisha. Lakini asili ya kitu si hali yake ya leo. Leo hii "nina upendo" inakubali neno katikati, "nina kweli upendo", na nina ya ninakupenda haikubali. Tena ku ya kupenda aliyoiandika ni ya kitenzi-jina, wakati aliyoikusudia ni ya mtu. Ukimweka mtu mwingine unaliona kosa waziwazi: ninampenda, ninawapenda. Je, angeandika nina mpenda? Wengine huandika, najua, lakini mpenda peke yake ni mtu mwenye kupenda, kama katika mpenda haki, na barua ingekuwa imegeuka kabisa.

Hoja ya pili inahusu kile kipande cha mtendwa. Wapo wanaisimu wanaosema kwamba katika lugha za Kibantu kipande hicho ni kiwakilishi kamili kilichobebwa na kitenzi, yaani kina maana yake ya kumtaja mtu hata kama jina halitajwi. Joan Bresnan na Sam Mchombo walilijadili hilo mwaka 1987 kwa kutumia Kichewa, lugha ya huko Malawi, na uchambuzi wao unaheshimika hadi leo. Mimi sioni kama unapingana na ninachosema. Kitu kinaweza kuwa na maana ya kiwakilishi na bado kikawa sehemu ya neno. Muulize mtu, "Unampenda nani?" Hatajibu ku. Atajibu wewe. Muulize, "Nani ananipenda?" Hatajibu ni. Atajibu mimi. Mwaka 1933 mwanaisimu Leonard Bloomfield alilieleza neno kuwa ni umbo dogo kabisa linaloweza kusimama peke yake kama kauli. Ku haisimami, ni haisimami, na haisimami kwa maana hiyo, pend haisimami. Ninakupenda inasimama. Penda nayo inasimama, kama amri, na hapo ni neno kwa haki yake, lakini hilo halilifanyi kuwa neno ndani ya ninakupenda, kama vile kupenda iliyomo katika sikupenda si kitenzi-jina ingawa herufi zake zote ziko pale.

Kuna jambo moja ambalo hoja hiyo ya pili inatusaidia kuliona, na nadhani ndilo linalowasumbua zaidi waandishi wazuri. Tunapounganisha vitenzi viwili, nafsi na wakati tunaweza kutovirudia: "ninakupenda na kukuheshimu". Ni na na zimetajwa mara moja, na ku ya kitenzi-jina imekamata nafasi yake upande wa pili. Lakini ku ya wewe haiwezi kuachwa. Ukiandika "ninakupenda na kuheshimu", umesema kwamba unampenda yeye, na kwamba una heshima, haijulikani kwa nani. Nimekutana na kosa hilo kwenye kadi, kwenye hotuba za harusi, hata kwenye maandishi ya watu ambao Kiswahili ndiyo kazi yao. Mwandishi anaona ku moja pale, anadhani imetosha, kumbe iliyopo ni ya kitenzi-jina na anayependwa ametupwa nje. Mtendwa amekaa karibu na mzizi kuliko nafsi na wakati, na ndiyo maana kila mzizi unataka wa kwake.

Kijana yule sikumwona tena. Lakini kama angerudi, ningeanzia na nusu ya pili ya sentensi yake, ile ambayo siku hiyo sikuijali sana: huni pendi. Huni si neno la Kiswahili kwa maana yoyote aliyoihitaji. Pendi nayo si neno, haiwezi kutamkwa peke yake na mtu akaielewa, kwa sababu i ile ipo tu kuitikia ha iliyomezwa ndani ya hu mwanzoni. Yeye mwenyewe aliiandika i hiyo bila kukosea. Mkono wake uliacha nafasi, na sikio lake likaiweka i mahali pake, upande wa pili wa nafasi hiyo, likijua fika kwamba mwanzo wa neno ulikuwa bado unaisubiri.